Nani Anasema? Mwandishi na Msemaji katika Kinaya cha Daniel Defoe, 1702–1703

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna ya kutenganisha anachosema msemaji wa matini ya tashtiti na anachodokeza mwandishi wake. Kiini chake ni kijitabu cha Daniel Defoe kilichotoka London mwezi Desemba 1702, ambacho kilimpeleka mwandishi wake gerezani na kwenye mkatale. Hoja kuu ni kwamba kinaya hakipatikani kwa kugeuza kila sentensi kuwa kinyume chake. Msemaji na mwandishi huweza kushiriki dhana moja na kuachana katika hitimisho, na mahali wanapoachana ndipo mchambuzi anapotakiwa kupaonyesha. Kijitabu cha Jonathan Swift cha mwaka 1729 kinatumika kwa ulinganishi.

1. Utangulizi

Mwishoni mwa Julai 1703, Daniel Defoe alisimamishwa kwenye mkatale kwa siku tatu mfululizo katika mitaa yenye watu wengi ya London: Cornhill, Cheapside na Temple Bar. Kosa lake lilikuwa kuandika kijitabu kilichotetea sera ambayo, kama ingetekelezwa, yeye mwenyewe angekuwa miongoni mwa wahanga wake. Kijitabu hicho, ambacho hapa ninakiita Njia Fupi Kabisa ya Kuwamaliza Wajitengaji, kilishauri kwamba wahubiri wa madhehebu yaliyojitenga na Kanisa la Anglikana wanyongwe na waumini wao wafukuzwe nchini. Defoe alikuwa mmoja wa waumini hao. Alilelewa katika dhehebu la Presibiteri na kusomeshwa katika chuo cha Wajitengaji cha Charles Morton, Newington Green.

Kisa hiki hutajwa mara kwa mara katika mihadhara kama kichekesho: mwandishi alikejeli, wakubwa hawakuelewa, akaadhibiwa. Usimulizi wa namna hiyo unaficha swali zito. Kama watu waliokuwa na kila sababu ya kukisoma kwa makini, maadui na marafiki vilevile, walishindwa kuuona umbali kati ya msemaji na mwandishi, je, umbali huo ulikuwamo ndani ya matini? Au uliingizwa baadaye, jina la mwandishi lilipojulikana? Swali hili si la Waingereza wa karne ya 18 peke yao. Katika tasnifu za uzamili ninazozisahihisha, sentensi ya aina ya “mwandishi anasema kwamba…” huwekwa mbele ya maneno ya mhusika au msimulizi yeyote, na pale mwanafunzi anaponusa kinaya, huongeza tu kwamba “mwandishi anamaanisha kinyume chake.” Hatua zote mbili zina kasoro, na kisa cha Defoe kinaonyesha kasoro hizo kuliko mfano wowote mwingine ninaoufahamu.

2. Ngazi tatu na neno juu ya istilahi

Istilahi zetu bado hazijatulia. Kinaya na kejeli hutumiwa kwa kubadilishana, na tashtiti wengine huichukua kuwa swali la balagha, wengine kuwa utanzu mzima wa kazi inayokosoa kwa kudhihaki. Katika makala hii kinaya ni mbinu ya usemi ambayo ndani yake maana iliyokusudiwa haiko katika maneno yenyewe, ilhali tashtiti ni kazi nzima inayolenga kukosoa watu au taasisi kwa dhihaka. Tashtiti inaweza kuandikwa bila kinaya, na kinaya kikapatikana nje ya tashtiti.

Kuhusu nani anasema, ninafuata mgawanyo ulioenezwa na Wayne Booth mwaka 1961. Yupo mwandishi halisi, mtu mwenye mwili, madeni na maadui. Yupo msemaji au msimulizi, sauti inayosema “mimi” ndani ya matini. Kati yao yupo yule ninayemwita mwandishi dokezwa: taswira ya akili na maadili ambayo msomaji huijenga kutokana na uteuzi wote uliofanywa ndani ya kazi, ukiwamo uteuzi wa msemaji mwenyewe. Mwandishi dokezwa hana sauti. Hatamki hata neno moja. Ndiyo maana haifai kuandika kwamba “anasema”. Anachoweza kufanya ni kudokeza, na kudokeza huhitaji ushahidi.

Katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu balagha ya kinaya, Booth alieleza hatua nne ambazo msomaji hupitia. Kwanza, huikataa maana ya juu kwa sababu kuna kitu kisichokaa sawa. Pili, hujaribu maelezo mengine: labda msemaji amekosea, labda ana wazimu, labda ni mpumbavu. Tatu, huamua juu ya ujuzi na imani za mwandishi, kwamba haiwezekani mwandishi huyu akubaliane na maneno haya. Nne, hujenga maana mpya inayopatana na uamuzi huo. Hatua ya tatu ndiyo mhimili wa zote. Na hatua hiyo ndiyo ambayo Defoe, kwa kutoweka jina lake kwenye kijitabu, aliwanyang’anya wasomaji wake.

3. Kijitabu na wakati wake

Mfalme William wa Tatu alifariki Machi 1702, na Malkia Anne akarithi kiti. William alikuwa ngao ya Wajitengaji: tangu Sheria ya Uvumilivu ya 1689 waliruhusiwa kusali katika nyumba zao za ibada, ingawa vyeo vya umma viliendelea kuwa vya wale waliopokea sakramenti katika Kanisa la Anglikana. Wajitengaji wenye tamaa ya vyeo walipata mwanya. Mtu alikwenda kanisani mara moja, akapokea sakramenti, akapata cheti, akashika wadhifa, kisha akarudi kusali kwao. Sir Humphrey Edwin, Meya wa London mwaka 1697, alizua kashfa kubwa kwa kwenda kwenye ibada ya Wajitengaji akiwa na fahari zote za umeya.

Baada ya kifo cha William, kundi la wahafidhina wa Kanisa liliona saa yake imewadia. Mwezi Juni 1702, Henry Sacheverell alihubiri Oxford mahubiri yaliyowatangazia Wajitengaji uadui wa wazi, nayo yakachapishwa. Novemba mwaka huohuo mswada wa kuuziba mwanya wa sakramenti ulipelekwa katika Baraza la Makabwela na kupita hapo, ingawa Baraza la Malodi halikuuafiki kama ulivyokuwa. Ni katika joto hilo, mwanzoni mwa Desemba, kijitabu cha Defoe kilipotokea. Hakikuwa na jina la mwandishi, na lugha yake ilikuwa ileile ya mahubiri yaliyokuwa yakivuma.

Hoja za msemaji ni rahisi kuzifuata. Anaanza na hekaya ya jogoo aliyejikuta katika zizi la farasi bila mahali pa kutua. Kwa kuogopa kukanyagwa, jogoo anawashauri farasi kwamba wote watulie wasije wakakanyagana. Jogoo ni Wajitengaji, ambao wanahubiri amani kwa kuwa hawana tena pa kutua. Kisha msemaji anaorodhesha makosa yao ya karne nzima, likiwamo la kumwua mfalme, na kulalamika kwamba Kanisa limekuwa pole mno. Anajibu pingamizi moja baada ya jingine. Wanasema hao ni wengi? Waprotestanti wa Ufaransa walikuwa wengi zaidi, na mfalme wao aliwaondoa kwa mkupuo bila kupungukiwa. Wanasema huo ni ukatili? Nyoka huuawa kwa sababu ya sumu aliyo nayo, si kwa sababu ya dhara ambalo ameshalitenda, na Musa, mtu mpole, aliamuru maelfu ya Waisraeli wauawe kwa ibada ya sanamu. Faini ndogondogo za shilingi chache, anasema, ni sawa na kuuza ruhusa ya kutenda dhambi. Adhabu iwe kitanzi kwa mhubiri na uhamisho kwa msikilizaji, na kazi itakwisha.

Kilichofuata kimehifadhiwa vizuri katika kumbukumbu za serikali. Januari 1703 (kwa hesabu ya mwaka unaoanza Januari, kwa maana Waingereza wa wakati huo waliuanza mwaka tarehe 25 Machi) Bwana Nottingham, Waziri wa Nchi, alitoa hati ya kumkamata Defoe, na gazeti rasmi la serikali likatangaza zawadi ya pauni 50 pamoja na maelezo ya sura yake: mwembamba, wa makamo, pua iliyopinda, baka kubwa karibu na mdomo. Tarehe 25 Februari Baraza la Makabwela liliamuru kijitabu kichomwe moto na mnyongaji wa umma. Defoe alijificha hadi Mei 21, akakamatwa Spitalfields katika nyumba ya mfumaji Mfaransa. Alikiri kosa mahakamani mwezi Julai, akahukumiwa faini ya marki 200, kusimama kwenye mkatale mara tatu, kutoa dhamana ya mwenendo mwema kwa miaka saba, na kubaki gerezani hadi masharti hayo yatimizwe. Alitoka Novemba kwa hila na msaada wa Robert Harley, ambaye tangu hapo akawa bwana wake katika siasa.

Kuhusu wasomaji waliodanganyika, tahadhari inahitajika. Kisa maarufu kuliko vyote, cha msomi wa Cambridge aliyekithamini kijitabu karibu sawa na Biblia, kinatujia kupitia John Oldmixon aliyeandika baadaye, naye alikuwa mtu wa upande wa pili kisiasa. Defoe mwenyewe alikuwa na faida ya kudai kwamba maadui wake walikimeza chambo. Tunachoweza kukisema kwa uhakika zaidi ni kwamba Wajitengaji waliogopa na kukasirika, na kwamba baada ya siri kufichuka pande zote mbili zilimchukia mwandishi. Mashtaka yenyewe yanafundisha. Hayakuhitaji kuamua kama Defoe aliyaamini maneno ya msemaji. Yalimshtaki kwa kuwafarakanisha raia wa Malkia na kuwatia Wajitengaji hofu ya kupokonywa uhuru wao. Mahakama iliruka swali la nani anasema na kwenda moja kwa moja kwenye swali la maneno yamefanya nini.

4. Kuutafuta ufa

Defoe alichapisha maelezo mafupi mwaka 1703 akidai kwamba kinaya kilikuwa wazi kwa kila msomaji mwenye akili. Maelezo hayo ni ushahidi juu ya mwandishi halisi, na hatuna sababu ya kuutilia shaka upande aliosimama. Lakini hayawezi kutumika kuthibitisha kilichomo ndani ya matini. Mtu anayeandika akiwa mafichoni, akitafutwa kwa zawadi, ana sababu nyingi za kusema kwamba alieleweka vibaya. Mchambuzi lazima arudi kwenye kijitabu chenyewe na kuuliza: ni wapi msemaji anasema jambo ambalo mwandishi makini wa kambi yake asingelisema?

Tuanze na hekaya ya jogoo. Mwanzoni inaonekana kuwa mahali pazuri pa kuutafuta ufa, kwa sababu hekaya huwa na tabia ya kumponyoka anayeisimulia. Jogoo ni mdogo na farasi ni wakubwa. Msomaji angeweza kumhurumia jogoo. Hata hivyo hekaya inafanya kazi yake barabara kwa upande wa wahafidhina: inamfichua anayeomba amani kwa kuwa hana nguvu. Hakuna neno lililozidi. Anayeitafsiri kama kinaya analeta huruma yake kutoka nje.

Mfano wa nyoka una uzito zaidi. Kumlinganisha jirani na nyoka ni kauli kali, lakini mimbari za mwaka 1702 zilikuwa zimezoea kauli za namna hiyo. Hapa ndipo penye ugumu mkubwa wa tashtiti inayoiga. Kinaya cha kutia chumvi huhitaji kipimo cha kawaida ambacho chumvi inakizidi. Kama mazungumzo halisi ya wakati huo yameshafika ukingoni, mwigaji hana pa kuzidishia. Defoe alipiga hatua moja tu mbele ya Sacheverell, na hatua moja haikutosha kuonekana.

Mfano wa mfalme wa Ufaransa, kwa maoni yangu, ndio ufa wa kweli. Louis wa 14 alifuta Amri ya Nantes mwaka 1685 na kuwafukuza Wahuguenoti kwa maelfu, wengi wao wakakimbilia Uingereza. Tangu Mei 1702 Uingereza ilikuwa vitani dhidi ya mfalme huyohuyo. Mhubiri Mwanglikana anayemtaja adui wa Malkia na wa Uprotestanti kama mfano wa kuigwa anajifunga kwa ulimi wake mwenyewe: anadai kulitetea Kanisa la Kiprotestanti kwa kumsifu mtesaji wa Waprotestanti. Mgongano huu umo ndani ya matini pamoja na mazingira yake ya wazi, na hauhitaji kulijua jina la mwandishi. Msomaji wa Spitalfields, mtaa wa wafumaji wakimbizi, hangeupita bila kukunja uso. Lakini unachukua mistari michache, msemaji hausimamii, na mara anaendelea na pingamizi lingine. Ufa upo, ila ni mwembamba.

Sasa tufike mahali ambapo mbinu ya “kinyume chake” inavunjika kabisa. Katika kujibu hofu kwamba mateso yatazaa mashahidi wa imani, msemaji anasema hakuna hatari hiyo. Mtu aliye tayari kuingia kanisani ili apate cheo kama umeya, ataingia kwa haraka zaidi akikimbia kitanzi. Moyo wa kufia dini umekwisha. Mwanafunzi anayegeuza kila sentensi ataandika kwamba Defoe anadokeza kinyume, yaani kwamba Wajitengaji ni majasiri na wako tayari kufa. Atakuwa amekosea. Mwaka 1698, kufuatia kashfa ya Meya Edwin, Defoe alichapisha kijitabu kikali dhidi ya desturi ya kupokea sakramenti kwa ajili ya cheo. Aliiona kuwa unafiki: ama dhamiri inakataza kanisa lile au haikatazi, na kama inakataza, haiwezi kuruhusu kwa ajili ya umeya. Dharau ya msemaji kwa Wajitengaji wanafiki ni dharau ya mwandishi pia.

Basi katika aya hii sauti mbili zinashika dhana moja. Wajitengaji wengi wa vyeo hawana msimamo: msemaji anasema, mwandishi anakubali. Zinaachana katika kinachofuata. Msemaji anahitimisha kwamba basi tuwanyonge wachache, waliosalia watarudi. Mwandishi anadokeza kwamba udhaifu wa dhamiri ndio umewapa maadui ujasiri wa kusema hivi. Ukigeuza yote unaipoteza shutuma inayowaelekea watu wa kambi ya mwandishi mwenyewe, na pengine hiyo ndiyo sababu mojawapo iliyowafanya Wajitengaji wasimsamehe. Waliisikia.

Nadharia ya isimu inatusaidia kulieleza jambo hili. H. P. Grice, katika makala yake iliyochapishwa 1975, alikieleza kinaya kama ukiukaji wa wazi wa kanuni ya kusema kweli, unaomfanya msikilizaji atafute maana iliyo kinyume. Maelezo haya yanatosha kwa sentensi moja ya mezani, kama vile kumwambia mtoto aliyevunja sahani kwamba amefanya kazi nzuri. Hayatoshi kwa kijitabu. Dan Sperber na Deirdre Wilson, mwaka 1981, walipendekeza njia nyingine: msemaji wa kinaya hatumii maneno, bali anayarudia kama mwangwi wa mtu mwingine huku akiyaonyesha kuwa ya kudharauliwa. Kwa mtazamo huu swali haliwi “kinyume cha sentensi hii ni nini?” Linakuwa “sentensi hii ni mwangwi wa nani, na mwelekeo wa anayeirudia ukoje?” Njia Fupi ni mwangwi mtupu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tatizo lake ni kwamba mwelekeo wa anayeurudia haukuwekewa alama. Ian Watt aliwahi kuhukumu kwamba kijitabu hiki ni kazi bora ya uigaji wa nafsi ya mtu mwingine kuliko kuwa kazi ya kinaya. Nisingekwenda mbali kiasi hicho, kwa sababu ya ule ufa wa Ufaransa, lakini ninaiona sababu yake.

5. Swift anavyofanya vingine

Ulinganishi na kijitabu cha Jonathan Swift kilichotoka Dublin mwaka 1729, kinachopendekeza watoto wa maskini wa Ireland wauzwe kama nyama, hufanywa mara nyingi ili kuonyesha kwamba Swift alikuwa fundi zaidi. Kinachonivutia mimi ni kitu finyu zaidi: aliziacha wapi alama, na alama hizo zinatuambia nini juu ya umbali wa sauti mbili.

Alama ya kwanza ni hesabu. Msemaji anaanza na watu 1,500,000, anakadiria wanandoa 200,000 wenye kuzaa, anawatoa 30,000 wanaojiweza, kisha anawatoa 50,000 kwa mimba zinazoharibika na watoto wanaokufa mwakani. Wanabaki watoto 120,000. Kati yao 20,000 waachwe kwa ajili ya uzazi, robo tu wakiwa wa kiume, na 100,000 wauzwe. Mtoto huzaliwa na ratili 12, na akinyonyeshwa vizuri hufikia 28 kwa mwaka. Malezi ni shilingi mbili, bei shilingi kumi, faida ya mama shilingi nane. Hesabu ni sahihi, na usahihi huo ndio kitisho. Mtindo wa waandishi wa hesabu za siasa wa wakati ule umebaki kamili, na maudhui yameuvuka mpaka ambao hakuna msomaji anayeweza kuuvuka naye. Hatua ya kwanza ya Booth inatimia bila kulijua jina la mwandishi.

Alama ya pili ni fupi na ndiyo kali kuliko zote. Msemaji anakiri kwamba nyama hiyo itakuwa ghali, na kwa hiyo itawafaa wenye mashamba, ambao kwa kuwa wamekwisha kuwala wazazi wana haki ya kwanza juu ya watoto. Hapa kitenzi kula kinatumika kwa maana ya sitiari ndani ya usemi ambao, hadi wakati huo, ulikuwa wa kiuchumi mtupu. Kwa msemaji ni kauli ya kupitia tu. Kwa mwandishi dokezwa ni shutuma yote. Sentensi ni moja na inabeba sauti mbili, na hakuna cha kugeuza kinyume: wenye mashamba kweli wamewala wazazi.

Alama ya tatu iko karibu na mwisho. Msemaji anakataza mtu yeyote asimletee mapendekezo mengine, kisha anayaorodhesha: kuwatoza kodi wenye mashamba wanaoishi nje ya nchi, kutumia nguo na samani za nyumbani tu, kukataa anasa za kigeni, kuacha mafarakano. Hayo ndiyo mambo ambayo Swift alikuwa ameyatetea hadharani, tangu kijitabu chake cha 1720 kilichowataka Waairishi watumie bidhaa zao wenyewe. Msomaji anayejua hilo anaiona sura ya mwandishi. Asiyejua anaona bado kwamba orodha hiyo ina busara kuliko kitu chochote kilichotangulia, na kwamba msemaji anaitupa. Mwandishi dokezwa anaonekana katika kile msemaji anachokikataa, na hilo Defoe hakulifanya. Msemaji wa Njia Fupi anajibu pingamizi zote na kuzishinda, wala haachi nyuma yake pendekezo la utu ambalo msomaji angeweza kuliokota.

Hata kwa Swift, hata hivyo, ugeuzaji haufai. Uchafu wa umaskini wa Dublin, wanawake ombaomba na watoto waliovaa matambara, ambao msemaji anawaeleza mwanzoni, si uongo wa kugeuzwa. Ni hali halisi ambayo msemaji na mwandishi wote wanaiona, na wote wawili inawakera. Tofauti ni kwamba mmoja anawaona watu hao kama mifugo iliyozidi.

6. Alama ya “eti”

Kiswahili kina chombo cha kuzitenganisha sauti kwa neno moja. Neno eti (na ati) likitangulizwa mbele ya kauli huonyesha kwamba kauli ni ya mtu mwingine na kwamba anayeirudia hajifungi nayo. “Bei zitashuka” na “eti bei zitashuka” zina maudhui yaleyale, lakini ya pili imekwisha kutuambia kwamba kuna nafsi mbili: iliyosema na inayorudia. Kwa lugha ya Sperber na Wilson, eti ni mwangwi uliowekewa lebo. Ukweli kwamba wasemaji wetu hulitumia kila siku ni ushahidi kwamba utenganisho wa sauti si uvumbuzi wa wahakiki.

Hivyo eti linaweza kutumika kama kipimo cha uchambuzi. Chukua aya ya tashtiti, weka eti mbele ya kila dai, usome tena. Dai ambalo eti linalikaa ni la msemaji peke yake. Dai ambalo eti linaliharibu ni lile ambalo mwandishi analishiriki. Kwa Swift, “eti mtoto wa mwaka mmoja ni chakula kitamu” inakaa. “Eti wenye mashamba wamewala wazazi” haikai, kwa sababu ingemwondolea mwandishi shutuma yake. Kwa Defoe, “eti mfalme wa Ufaransa hakupungukiwa” inakaa vizuri sana, na kuthibitisha kwamba hapo pana ufa. “Eti anayekwenda kanisani kwa ajili ya umeya hatakubali kunyongwa” haikai. Kipimo hiki hakitoi ushahidi, kinapanga maswali tu. Kuamua kwamba dai fulani linashirikiwa bado kunadai sababu, kama vile kijitabu cha 1698 kwa Defoe na kile cha 1720 kwa Swift, au mgongano ulio ndani ya matini yenyewe. Pale ushahidi usipopatikana, mchambuzi aandike kwamba msemaji anasema hivi na kwamba msimamo wa mwandishi haujulikani.

Kipimo hikihiki kinaonyesha ugumu unaomkabili atakayeitafsiri Njia Fupi kwa Kiswahili. Mfasiri atavutwa kutia eti hapa na pale, ili msomaji wa leo, asiyemjua Sacheverell wala mswada wa sakramenti, asipotee. Eti moja tu itatosha kukivunja kijitabu, kwa sababu kitakuwa kimepata kile ambacho mwaka 1702 kilikikosa, na msomaji hatakielewa tena kisa cha mkatale. Shaaban Robert, katika Kusadikika ya mwaka 1951, aliiweka alama yake kwenye jina lenyewe la nchi: nchi iliyo angani, ambayo jina lake linatokana na kitenzi cha kusadiki, inamwonya msomaji kabla ya ukurasa wa kwanza kwamba asisadiki kijuujuu. Mfasiri wa Defoe afadhali aiweke alama yake hapohapo, nje ya matini, katika utangulizi utakaolitaja jina la mwandishi na dhehebu lake, na kuuacha usemi wa msemaji uende hadi mwisho bila kuguswa.